Mistari miwili, makato mawili?

Kuna ujumbe unaosambaa: “Benki inatukata mara mbili kwa muamala mmoja! Angalieni taarifa zenu.”

Si kweli. Kwenye taarifa ya benki, mstari wa kwanza ni ada ya benki; wa pili ni ushuru wa bidhaa, ambao benki huukusanya na kuupeleka serikalini. Hukokotolewa kwenye ada, si kwenye fedha ulizotuma. Tuseme umetuma 200,000, ada ni 1,000 na ushuru ni asilimia 10: utaona 1,000, kisha 100. Tozo ya serikali, pale inapotozwa, nayo huandikwa peke yake. Watu huchanganyikiwa kwa sababu mara nyingine miamala mingine huingia katikati ya mistari hiyo, kwa hiyo linganisha namba ya kumbukumbu. Ukikuta ada ileile mara mbili kwa namba moja, hapo nenda benki ukadai. Ujumbe huo, tafadhali, usiusambaze.