Aliyesema "sijui" mbele ya jopo asikatwe alama bila kusikilizwa

Wiki iliyopita nimekaa tena kwenye jopo la kusikiliza mapendekezo ya utafiti ya wanafunzi wa mwaka wa mwisho, na kwa mara nyingine mwenzangu akaegemea kiti na kuninong'oneza: "Huyu kasema hajui. Hakujiandaa. Kata." Neno hilo nimelisikia vyuo vingi mno, kwa watu wenye elimu kubwa, na nimechoka kulijibu kwa kunong'ona. Nalijibu hapa kwa sauti.

Utaratibu wetu mnaujua. Mwanafunzi ana dakika 10 za kuwasilisha, dakika 5 za maswali, na karatasi ya tathmini yenye alama 20. Karatasi niitumiayo ina mistari 12 tu, na kila mstari unapata tiki au haupati, hakuna nusu. Niliiacha nusu kwa sababu ukiwapa watathmini nafasi ya katikati, wote wanakimbilia hapo, na mwisho wa siku darasa zima lina alama zinazofanana.

Maudhui yana mistari mitano, kila mmoja alama 2: tatizo limesemwa kwa namna inayopimika, kila lengo mahususi lina njia yake ya kukusanya data, amesema atamhoji nani, wangapi, na kwa nini hao, kila takwimu iliyotoka kwingine imetajiwa chanzo, ametaja mwenyewe angalau kikwazo kimoja cha utafiti wake. Uwasilishaji una mistari minne, kila mmoja alama 1: sauti inafika kiti cha nyuma, anatazama watu kuliko anavyotazama slaidi, maandishi ya slaidi yanasomeka kutoka nyuma, amemaliza ndani ya muda. Sehemu hii sina haja ya kuieleza zaidi. Mtu mwenye macho na saa anaweza kuijaza.

Maswali yana mistari mitatu ya alama 2 kila mmoja, na hapa ndipo ugomvi ulipo. Wa kwanza: amejibu swali aliloulizwa. Wa pili: ametenganisha anachokijua, anachokikisia na asichokijua. Wa tatu: jibu lake limerudi kwenye utafiti wake mwenyewe, yaani kwenye data, mbinu au sampuli yake. Hakuna mstari unaosema "amejibu kwa kujiamini", na hakuna unaosema "hakukwama". Mtu akitaka kuiongeza, atakuwa anapima uwasilishaji mara ya pili kwa jina jingine.

Chukua wanafunzi wawili wa siku ile. Wa kwanza anataka kujua kwa nini wafugaji wadogo hawapeleki maziwa kwenye kituo cha kukusanyia. Kijana anajua kusimama, sauti imetulia, slaidi safi, kamaliza dakika ya tisa. Akaulizwa: "Wafugaji wako 40 wote umepanga kuwapata pale pale kituoni. Wale wasiofika kituoni utawapata wapi?" Swali hilo linagonga moyo wa utafiti, kwa maana anaowatafuta ndio hasa ambao hawatakuwepo pale. Akajibu: "Nashukuru sana kwa swali zuri. Kama tunavyofahamu, sekta ya mifugo ina mchango mkubwa katika uchumi wa kaya..." Akaenda hivyo dakika nzima, bila kukwama hata neno moja, akamalizia kwamba sampuli yake ni wakilishi. Chumba kikatikisa kichwa kwa kuridhika.

Wa pili ni binti anayechunguza upotevu wa nyanya kati ya shamba na soko, akilinganisha matenga na kreti za plastiki. Sauti ndogo, anasoma slaidi. Akaulizwa: "Utajuaje kama nyanya imeharibika kwa sababu ya tenga, au kwa sababu ilichumwa ikiwa imeiva kupita kiasi?" Akanyamaza kidogo. Akasema: "Hilo sikuliwekea kipimo. Nimepanga kuhesabu zilizoharibika zikifika sokoni tu. Kulitenganisha ningetakiwa kuzipanga kwa rangi shambani, halafu za rangi moja nizigawe nusu kwenye tenga na nusu kwenye kreti. Kama wakulima watakubali, sijui."

Hapo ndipo niliponong'onezewa "kata".

Tujaze karatasi. Kijana wa maziwa: maudhui tiki tatu, kwa kuwa "kwa nini hao" hakuisema na kikwazo hakukitaja, alama 6. Uwasilishaji alama zote 4. Maswali: hakujibu alichoulizwa, hakutenganisha ajualo na asilolijua, na jibu halikugusa sampuli yake isipokuwa kwa dai tupu, alama 0. Jumla 10. Binti wa nyanya: maudhui tiki nne, alama 8, uwasilishaji tiki mbili, alama 2, maswali tiki zote tatu, alama 6. Jumla 16. Mwenzangu, ambaye hakutumia mistari bali "picha ya jumla", alikuwa amempa kijana 17 na binti 11. Tazama tofauti hiyo ilikotoka. Wote wawili hatukubishana kuhusu sauti wala slaidi. Yeye aliichukua sauti ile ya kijana akaimwagia kwenye maudhui na maswali pia.

Jambo hili si geni. Mwanasaikolojia Edward Thorndike aliliandika mwaka 1920 alipoangalia jinsi maofisa wa jeshi la Marekani walivyowapima walio chini yao: aliyeonekana mzuri kwa sifa moja alipewa alama nzuri hata kwa sifa zisizohusiana nayo. Na kuna kisa ambacho kila mwanajopo angepaswa kukijua. Huko Marekani, watafiti watatu, Naftulin, Ware na Donnelly, walimtafuta mwigizaji, wakamvisha jina la Dokta Myron Fox na wasifu wa kubuni, wakampa mhadhara kuhusu matumizi ya nadharia ya michezo ya kihisabati katika elimu ya madaktari. Mwigizaji hakuwa na utaalamu wowote wa somo hilo. Alifundishwa kuongea kwa mvuto huku akichanganya maneno ya kubuni, hoja zisizofuatana na kauli zinazopingana, na kuyakwepa maswali kwa mtindo huo huo. Wasikilizaji wake, watu waliobobea katika taaluma za afya na elimu, walimpa tathmini nzuri. Ripoti ilitoka mwaka 1973. Unapompa alama sita kijana anayezunguka mbuyu kwa ufasaha, unafanya walichofanya wasikilizaji wale.

Sasa, sisemi kila "sijui" ina tiki. Zipo za aina mbili, na kuzitofautisha kunahitaji swali moja tu la nyongeza. "Sijui" ya kitu alichokileta mwenyewe mbele yetu, mfano hajui takwimu ya slaidi ya tatu inatoka wapi au kwa nini amechagua wakulima 60, hiyo inamnyima mstari wa tatu, na mara nyingi na wa kwanza. "Sijui" ya kitu kilicho nje ya kazi yake, au ya pengo ambalo swali ndilo limelifungua, hiyo ni ya kusikilizwa mpaka mwisho.

Wanafunzi wameshagundua hili, nao wana jibu la kukariri: "Swali zuri, nitalifanyia kazi." Mwanafunzi akisema hivyo, muulize: "Ungeanzia wapi?" Anayefikiri atakutajia kitu unachoweza kukishika, kama binti alivyotaja rangi ya nyanya na kugawa nusu kwa nusu. Aliyekariri atarudia sentensi ile ile kwa maneno marefu zaidi. Tiki au hakuna tiki, imeisha.

Kuna mambo mawili ya utaratibu ambayo yasipofuatwa karatasi haikusaidii kitu. Mistari ya maudhui na uwasilishaji ijazwe kabla swali la kwanza halijaulizwa, kisha karatasi igeuzwe, na hakuna kuirudia mistari hiyo. Na watathmini wajaze kila mtu peke yake, wasisemezane mpaka wote wameweka kalamu chini. Mkitofautiana, msijadili jumla. Tafuteni mstari mliotofautiana, kila mmoja aseme alichosikia. Mara nyingi mmoja alikuwa anaandika wakati jibu linatolewa.

Hilo la kutorudi nyuma linanisumbua. Kuna mwanafunzi anayepata tiki zote za maudhui, halafu maswali yanaonyesha wazi kwamba jedwali alilotuonyesha hakulitengeneza yeye. Nimeshikilia kwamba maudhui ni kile kilichowekwa mbele yetu, na kutokukielewa kunalipiwa kwenye maswali. Msimamizi mmoja ninayemheshimu ananiambia hapo ninampa mtu alama kwa kazi ya mwenzake. Sina jibu linaloniridhisha. Ninachofanya kwa sasa ni kuandika pembeni na kulipeleka suala kwa msimamizi wake kama suala la uaminifu wa kazi, nje ya alama.

Shaka yangu kubwa zaidi ni lugha. Wasilisho linafanyika kwa Kiingereza, na binti yule, sentensi zake za kwanza kwa Kiingereza zilikuwa zinaanguka njiani. Jibu lile la rangi za nyanya alilitoa kwa Kiswahili baada ya mwenyekiti kumruhusu. Lingebaki kwenye Kiingereza, nina hakika tungesikia nusu yake, na ningemnyima mstari wa pili nikidhani hakutenganisha, kumbe ameshindwa maneno ya kutenganishia. Sasa naruhusu maswali yajibiwe kwa lugha yoyote kati ya hizo mbili. Wapo wanaosema huo ni upendeleo, kwamba anayejibu kwa Kiingereza anabeba mzigo mzito zaidi kwa alama zile zile. Wana hoja. Lakini katika mistari yangu mitatu hakuna hata mmoja unaopima Kiingereza, na kama chuo kinataka kukipima, kiandike mstari wake na kiupe alama zake waziwazi kwenye sehemu ya uwasilishaji.

Na kwenu wanajopo wenzangu: swali la kwanza liwe moja kwa wote. Mimi hutumia "Kwa nini hao uliowachagua, na si wengine?" kwa sababu kila pendekezo lina watu, mashamba au mafaili yaliyochaguliwa. Mengine yawe mafupi, yenye jambo moja ndani yake. Tunawahutubia wanafunzi dakika mbili, tunafunga maswali manne ndani ya moja, kisha tunawanyima mstari wa kwanza kwa kujibu mawili. Ukiuliza hivyo, mwenyekiti akukate, na swali lako lisihesabiwe.