Meza Yenye Mguu Katikati Inavyomkwamisha Mgeni wa Kiti cha Magurudumu

Wenye migahawa wengi wakishajenga mteremko mlangoni huona kazi imekwisha. Mteremko wenyewe una hesabu rahisi: kila sentimita 1 ya kimo hudai sentimita 12 za urefu. Kizingiti cha sentimita 15 kinataka mteremko wa sentimita 180. Kipande cha ubao kinachoegeshwa mgeni akishafika ni hatari, maana kiti kinaweza kupinduka kinyumenyume.

Ila mimi nikienda kukagua, naanzia mezani. Chukua meza ya kawaida yenye kimo cha sentimita 75. Ubao wa juu una unene wa sentimita 3, na chini yake kuna fremu ya sentimita 8. Kwa hiyo magoti yanabakiwa na sentimita 64, ilhali mtu aliyekaa kwenye kiti cha magurudumu anahitaji 70 hivi. Atafanyaje? Atakaa upande, sahani iko mbali, mchuzi unamdondokea mapajani. Meza yenye mguu mmoja katikati nayo ina kasoro yake: vikanyagio vya kiti hugonga kitako chake kabla mgeni hajaifikia sahani. Tafuta meza chache za miguu minne zisizo na fremu, zenye nafasi ya angalau sentimita 76 kati ya mguu na mguu. Zisiwe kando ya choo. Mgeni huyu naye anapenda dirishani.

Kosa jingine ni kupima njia asubuhi, viti vikiwa vimesukumwa chini ya meza. Rudi saa ya chakula cha mchana upime tena. Mtu aliyekaa huchukua karibu sentimita 45 nyuma ya meza yake. Wakikaa wawili waliopeana migongo, hizo ni 90, na kiti cha magurudumu kinataka 90 zake. Basi kati ya meza na meza ziwepo sentimita 180, angalau kwenye njia kuu. Hapohapo atapita mama mwenye kigari cha mtoto na mzee mwenye mkongojo.

Mzee humpi sofa ya kuzama. Mpe kiti kigumu kidogo chenye mikono, kimo cha sentimita 45 hadi 48, aweze kujiinua bila kushikwa mkono. Kiti kirefu cha mtoto kiwe na mkanda, na kiwekwe mahali ambapo miguu yake haifiki mezani. Akipata pa kukanyaga atajisukuma, na kiti kitaanguka naye.

Choo nakiacha mwisho. Mlango ufunguke kwa nje, kwa sababu mtu akianguka ndani, mwili wake unaweza kuuzuia mlango unaofunguka kwa ndani. Kisha nachungulia pembeni ya bakuli, pale kiti cha magurudumu kinapopaswa kusimama. Mara nyingi nakuta ndoo, mafagio na katoni za sabuni. Hapo naandika kwenye ripoti: choo hakuna.