F ya anova inatoka wapi: tuijenge kwa mkono

Majedwali ya anova, yaani hesabu ya kupima kama wastani za makundi kadhaa zinatofautiana, ninayoletewa na wanafunzi wa kilimo na afya karibu yote husomwa kwa namna moja. Jicho linaruka moja kwa moja hadi safu ya mwisho, linatafuta kama p, yaani uwezekano wa bahati peke yake kuleta tofauti kubwa kiasi hicho au zaidi, iko chini ya 0.05, basi. Safu zilizotangulia zinabaki kama mapambo. Kwangu mimi safu hizo ndizo hoja yenyewe, na mtu aliyewahi kuijenga F, uwiano ambao p hiyo hutokana nao, mwenyewe hata mara moja husoma jedwali hilo kwa macho mengine kabisa.

Nitatumia data iliyomo ndani ya programu ya R, iitwayo `PlantGrowth`, ili kila mwenye kompyuta aweze kuhakiki hesabu zangu. Ni uzito mkavu wa mimea 30 iliyogawanywa katika makundi matatu ya mimea 10 kila moja: kundi la kulinganishia, `ctrl`, na makundi mawili yaliyokuzwa katika hali mbili za majaribio, `trt1` na `trt2`. Wastani wa `ctrl` ni 5.032, wa `trt1` ni 4.661, na wa `trt2` ni 5.526. Wastani mkuu, yaani wa mimea yote 30, ni 5.073.

Wastani tatu hizi hazilingani, lakini hilo halitushangazi. Hata kama mimea yote 30 ingekuzwa katika hali moja, kisha tukaigawa kumi kumi kwa kura, bado wastani zingepishana kidogo. Kwa hiyo tunachouliza ni kama zimepishana kuliko ambavyo bahati ya kura peke yake ingezipisha.

Tuanze na mmea mmoja. Wa kwanza katika `ctrl` una uzito wa 4.17. Uko chini ya wastani mkuu kwa 0.903. Umbali huo tunaweza kuukata vipande viwili: kutoka mmea hadi wastani wa kundi lake ni 0.862, na kutoka wastani wa kundi hadi wastani mkuu ni 0.041. Kipande cha kwanza hakiwezi kuelezwa na kundi, kwa sababu mimea yote ya `ctrl` imekuzwa katika hali ileile. Ni tofauti ya kawaida baina ya mmea na mmea. Kipande cha pili ndicho chenye habari za kundi.

Kila mmea kati ya 30 unakatwa hivyo hivyo. Kisha tunapiga mraba kila kipande na kujumlisha. Hapa pana jambo zuri la kihesabu: ukipiga mraba jumla ya vipande viwili, kwa kawaida unapata pia zao la kimoja kwa kingine, lakini hapa mazao hayo yanafutana yote. Ndani ya kila kundi, mikengeuko kutoka wastani wa kundi hilo lazima ijumlike kuwa sifuri, na kipande cha pili ni kilekile kwa mimea yote ya kundi, kwa hiyo hakuna kinachobaki. Ndiyo maana jumla ya miraba yote inagawanyika sawasawa katika mafungu mawili bila mabaki.

Fungu la ndani ya makundi: `ctrl` inatoa 3.060, `trt1` inatoa 5.669, `trt2` inatoa 1.763. Jumla ni 10.492.

Fungu la kati ya makundi: wastani za makundi ziko mbali na wastani mkuu kwa −0.041, −0.412 na 0.453. Ukipiga miraba na kujumlisha unapata 0.3766. Kwa kuwa kila kundi lina mimea 10, na kila mmea unabeba umbali uleule wa kundi lake, tunazidisha kwa 10: tunapata 3.766.

Wengi wakifika hapa huona 3.766 ni ndogo kuliko 10.492 na kuhitimisha kwamba makundi hayana lolote. Wanakosea, kwa sababu jumla mbili hizi hazikutokana na idadi sawa ya vipande vilivyo huru. Tazama tena ile mikengeuko mitatu ya wastani: −0.041, −0.412, 0.453. Ikijumlishwa inatoa sifuri, na haina budi kutoa sifuri. Ukijua miwili, wa tatu umeshaamuliwa. Kwa hiyo fungu la kati ya makundi lina digrii 2 za uhuru. Upande wa pili, kila kundi lina mikengeuko 10 iliyofungwa na sharti hilohilo, kwa hiyo 9 tu ndiyo huru, na makundi matatu yanatupa 27.

Sasa tunagawa. 10.492 kwa 27 ni 0.389. 3.766 kwa 2 ni 1.883. Wanatakwimu huziita namba hizi mbili wastani wa miraba, na ningependa tukae nazo kidogo, kwa kuwa moyo wa anova uko hapa.

Hiyo 0.389 ni variansi. Ukikokotoa variansi ya kawaida ya kila kundi peke yake unapata 0.340, 0.630 na 0.196, na wastani wa hizo tatu ni 0.389 hiyohiyo. Ni kadirio la kiasi ambacho mmea mmoja hutofautiana na mwenzake waliokuzwa katika hali moja. Haijali hata kidogo makundi yako wapi: uongeze 100 kwa kila mmea wa `trt2`, namba hii haitatikisika.

Na 1.883 je? Nayo ni kadirio la variansi ileile, ila kwa njia ya kuzunguka, na kwa sharti moja. Variansi ya wastani wa vipimo 10 ni variansi ya kipimo kimoja ikigawanywa kwa 10. Ndiyo sababu wastani hutulia kuliko kipimo kimoja. Basi tukiwa na wastani tatu, tunaweza kukokotoa variansi yao wenyewe, ambayo hapa ni 0.188, kisha tukaizidisha kwa 10 ili turudi kwenye kipimo cha mmea mmoja. Tunapata 1.883. Sharti ni kwamba makundi yawe hayatofautiani kwa kweli. Yakitofautiana, wastani zao zitatawanyika kwa sababu mbili, bahati na tofauti halisi, na kadirio hili litavimba. Lile la ndani ya makundi litabaki palepale.

F ni kadirio la pili likigawanywa kwa la kwanza: 1.883 kwa 0.389, ambayo ni 4.85. Kama hali za ukuzaji hazina athari, makadirio yote mawili yanalenga kitu kimoja, na uwiano wao huelea karibu na 1. Hapa tuna karibu mara tano.

```r
w <- PlantGrowth$weight
g <- PlantGrowth$group
m <- ave(w, g)
ssb <- sum((m - mean(w))^2)
ssw <- sum((w - m)^2)
(ssb/2) / (ssw/27)
```

Mstari wa mwisho unatoa 4.846088, sawa na ile inayotolewa na `summary(aov(weight ~ group, data = PlantGrowth))`.

Je, karibu mara tano inatosha? Kwa digrii 2 na 27, kama makundi hayatofautiani, F huvuka 3.35 mara 5 tu katika 100. Yetu imevuka, na p yake ni 0.016. Wazo la kuigawa variansi hivi lilitoka kwa Ronald Fisher, aliyeajiriwa mwaka 1919 katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza. Mmarekani George Snedecor ndiye baadaye aliyeuita uwiano huu F, kwa heshima ya Fisher.

Lakini F hii imesema nini hasa? Imesema kwamba mtawanyiko wa wastani tatu ni mkubwa mno kuachiwa bahati. Haikusema ni kundi gani linalotofautiana na lipi, na data hii inaonyesha vizuri sana kwa nini lazima tuheshimu mpaka huo. Ukiendesha `TukeyHSD`, inayolinganisha makundi mawili mawili huku ikizingatia kwamba unalinganisha mara tatu, utaona `trt1` na `ctrl` wana p ya 0.39, `trt2` na `ctrl` wana 0.20, na `trt2` na `trt1` wana 0.012. Yaani hakuna hali hata moja iliyothibitika kuwa tofauti na kundi la kulinganishia! Kilichoipandisha F ni kwamba moja ilielekea chini na nyingine juu, zikaachana. Ripoti inayosema "anova imeonyesha kwamba `trt2` inaongeza uzito" imesema ambacho hesabu haikusema.

Kuna jambo la pili la kuangalia. Tulipochukua wastani wa variansi tatu tulikubali kwamba zinakadiria kitu kimoja. Hapa ya `trt1` ni zaidi ya mara tatu ya ile ya `trt2`. Makundi yakiwa na idadi sawa, F huvumilia tofauti ya namna hii vizuri, na kwa mimea 10 tu kila kundi tofauti hiyo yenyewe inaweza kuwa ya bahati. Hatari hasa ni pale kundi dogo ndilo lenye variansi kubwa: hapo kadirio la ndani huburutwa na makundi makubwa yaliyotulia, linakuwa dogo mno, na F inapanda bila haki. Mimi huendesha pia `oneway.test`, isiyodai variansi ziwe sawa. Kwa data hii inatoa p ya 0.017, kwa hiyo hitimisho halibadiliki.

Kosa ninalokutana nalo mara nyingi zaidi, hata hivyo, ni dogo na halina kelele. Mtu ameandika makundi yake kama 1, 2, 3 kwenye lahajedwali, na R ikadhani ni kipimo. Badala ya kulinganisha makundi matatu, inachora mstari mmoja ulionyooka kutoka 1 hadi 3. Kwa mimea hii, `trt1` iliyoshuka katikati inapotea machoni pa mstari, F inaanguka hadi 2.62, na mtafiti anaandika kwamba hakuna tofauti. R haitoi onyo lolote. Dalili iko kwenye safu ya `Df`: makundi matatu lazima yaonyeshe 2, na ukiona 1 ujue kilichokokotolewa sio ulichouliza. Dawa yake ni kuigeuza safu hiyo kwa `factor()`, kisha kuanza upya.