Kasi ya Ukuaji kwa Mwaka: Kulinganisha Miaka 10 na Miaka 3

Chama kilikuwa na wanachama 2,000 mwishoni mwa 2011, wakafika 5,000 mwishoni mwa 2021 na 7,000 mwishoni mwa 2024. Ni kipindi kipi kilichokua kwa kasi zaidi? Mfano huu ni wa kubuni, lakini kosa ninalotaka kulieleza hulikuta mara kwa mara katika ripoti ninazozipitia kama mtakwimu.

Wengi huchukua ongezeko lote na kuligawa kwa miaka. Kipindi cha kwanza kiliongezeka kwa asilimia 150, kwa hiyo asilimia 15 kwa mwaka. Cha pili kiliongezeka kwa asilimia 40, yaani asilimia 13.3 kwa mwaka. Basi cha kwanza kimeshinda.

Jaribu kuirudisha hesabu hiyo. Anza na 2,000, uongeze asilimia 15 kila mwaka kwa miaka 10. Utafika karibu 8,090, si 5,000. Sababu ni kwamba ongezeko la mwaka huu huingia kwenye msingi wa mwaka ujao, nalo huzaa ongezeko lake. Kugawa kunapuuza uzazi huo, na kadiri kipindi kinavyorefuka ndivyo jibu linavyozidi kuvimba.

Njia sahihi ni kugawa thamani ya mwisho kwa thamani ya mwanzo, kutafuta mzizi unaolingana na idadi ya miaka, kisha kutoa 1. Kwenye lahajedwali huandikwa hivi:

```
=(5000/2000)^(1/10)-1
=(7000/5000)^(1/3)-1
```

Ya kwanza inatoa asilimia 9.6, ya pili 11.9. Mshindi amebadilika. Ukikuza 5,000 kwa asilimia 11.9 mara tatu unarudi kwenye 7,000, tofauti ikiwa ndogo tu ya kukadiria desimali.

Sasa hesabu ya miaka, ambayo ndiyo hunisumbua zaidi. Kuanzia 2021 hadi 2024 kuna takwimu nne za mwisho wa mwaka, lakini hatua kati yao ni tatu. Anayehesabu takwimu badala ya hatua ataweka 4 na 11, apate asilimia 8.8 na 8.7, kisha aandike kwamba kasi haikubadilika. Kosa la mwaka mmoja hukiumiza zaidi kipindi kifupi. Toa tu mwaka wa mwanzo kutoka mwaka wa mwisho.

Kanuni ya mzizi inaziona ncha mbili za kipindi peke yake. Kama 2021 wanachama walipungua kwa muda, basi asilimia 11.9 inaweza kuwa ni watu waliorudi tu, na ncha hiyohiyo inakishusha kipindi cha kwanza. Kabla ya kulinganisha, angalia pia takwimu za 2020 na 2022.