Wazo la huduma mpya si lazima liwe geni

"Nikitaka kupendekeza huduma mpya kazini, si lazima niwe na wazo ambalo hakuna aliyewahi kulifikiria?"

Hapana. Wazo lenye nguvu mara nyingi ni kazi ambayo kampuni tayari inaifanya bure. Chukua kampuni inayouza pampu za maji. Kwa wiki 4, hesabu simu za wateja mnaowasaidia bure: tuseme ni 60, na 24 zinahusu chujio lililoziba. Hapo pana huduma ya kulipia: kusafisha chujio kila baada ya miezi 3. Omba majaribio kwa wateja 10 tu, uandike saa za fundi na nauli ya kila ziara. Nauli inaweza kula faida, kwa hiyo chagua wateja wa eneo moja. Wakiisifu huduma lakini wakakataa kulipa, soko bado halipo.