Mgonjwa wa kiharusi nyumbani: kumlisha na kumlaza

Swali: Baba ana miaka 68 na amepooza upande wa kulia. Tumerudi naye nyumbani juzi. Akinywa chai anapaliwa, lakini uji mzito anaumeza. Tuendelee kumpa chai kidogo kidogo?

Hapana. Simamisheni chai, maji na supu nyepesi, kisha mrudisheni hospitali leo hii apimwe anavyomeza. Msingoje siku ya kliniki, kwa sababu mtu asiyepata maji hukaukiwa upesi. Kiharusi hudhoofisha misuli ya mdomo na koo. Kinywaji chepesi hukimbia kikafika kooni kabla njia ya hewa haijafungwa, ilhali uji mzito huenda polepole na koo linauwahi. Kinachopotea njia huingia kwenye mapafu na kinaweza kuleta nimonia.

Kikohozi si dalili pekee. Baada ya kumeza, mwambieni aseme "aaa". Kama sauti imekuwa ya majimaji, kama mtu anayeongea na mate kooni, kuna kitu kimebaki pale. Wengine hawakohoi kabisa, na familia hustukia homa na kupumua kwa kasi. Wakipima, watawaambia vinywaji viwe vizito kiasi gani, au kama anahitaji kulishwa kwa mpira wa puani kwa muda. Waulizeni pia kuhusu vidonge, maana vingine havitakiwi kupondwa.

Swali: Tunamlisha akiwa kitandani, mto chini ya kichwa. Kuna ubaya?

Upo, na mkubwa. Mto ule unainua kichwa tu, kiwiliwili bado kimelala. Mkalisheni kwenye kiti chenye mgongo, nyayo zote mbili zikanyage chini, mkono wa kulia uwekwe juu ya meza au mto. Akielemea upande, mwegemezeni kwa mito. Anayelisha naye akae, macho yawe usawa wa macho ya mzee. Ukimlisha umesimama, atainua kidevu kukutazama, na kidevu kikiinuka ni rahisi kupaliwa. Kiiname kidogo.

Chukueni mlo wa jioni, tuseme viazi vilivyopondwa na mchuzi mzito. Kwanza hakikisheni yuko macho kabisa. Mgonjwa anayesinzia halishwi. Zimeni televisheni. Jazeni nusu ya kijiko cha chai, kiwekeni upande wa kushoto wa mdomo, ule wenye nguvu, kisha subirini. Angalieni koo lipande na kushuka ndipo kijiko kingine kifuate. Kila baada ya vijiko vichache chunguzeni shavu la kulia, maana chakula hujificha pale naye asihisi. Wali mkavu na mkate unaomeguka viacheni kwa sasa, chembe zake hutawanyika mdomoni. Akianza kukohoa au kuchoka, mlo umeishia hapo. Akimaliza, msafisheni meno, ulimi na mashavu, halafu abaki amekaa kwa nusu saa. Usafi huu watu huupuuza, lakini mate yenye uchafu nayo huingia mapafuni.

Swali: Usiku tumlazeje? Sasa hivi yuko chali muda wote.

Mgeuzeni kila baada ya saa mbili, usiku pia. Pangeni zamu, mtu mmoja hataweza. Akilalia upande wa kushoto, wekeni mto mbele ya kifua na mkono wa kulia ulale wote juu yake, kiganja kisining'inie. Mguu wa kulia ukunjwe kidogo, nao uwe juu ya mto.

Upande wa kulia watu wengi huuogopa, lakini inaruhusiwa akilazwa vizuri: ingizeni mkono nyuma ya bega, kwenye mfupa wa mgongoni, mlivute bega mbele taratibu ili asililalie, kisha nyoosheni mkono wake wa kulia mbele, kiganja kikitazama juu. Akilalamika maumivu, mgeuzeni. Chali iwe kwa muda mfupi tu, bega na mkono wa kulia vikiwa juu ya mto.

Msimvute kwa mkono uliopooza wala kumwinua kwa kumshika kwapani. Misuli ya bega imelegea, kiungo kinaweza kuchomoka na maumivu yakakaa miezi. Kumsogeza juu kitandani, watu wawili wamwinue kwa shuka aliyolalia. Kumburuta kunachubua ngozi.

Swali: Juu ya kitako, katikati, pamebadilika rangi na pana joto. Tupasugue kwa mafuta?

Msipasugue. Pabonyezeni kwa kidole: rangi isipofifia ukibonyeza, au kwa ngozi nyeusi pakiwa peusi zaidi, pagumu au pa moto kuliko pembeni, kidonda kimeanza. Asilalie hapo kabisa, abaki ubavu kwa ubavu, ngozi iwe safi na kavu, na nepi isikae na mkojo. Kagueni na visigino, mviinue hewani kwa mto chini ya mashavu ya miguu. Ngozi ikichubuka au kupata lengelenge, muuguzi apaone siku hiyohiyo.