Unapoonyesha bomba la kupulizia mnadani, andika kwanza utakachosema

Malalamiko mengi yanayofika mezani kwetu sisi wakaguzi wa viuatilifu kuhusu mabomba ya mgongoni yana sura moja. Mkulima amenunua bomba kwenye maonyesho ya Nane Nane pale Nyamhongolo, Mwanza, au mnadani, amelipeleka shambani, wadudu hawakufa, na sasa anataka tumkamate aliyemuuzia dawa feki. Viuatilifu bandia vipo, na tunavifuatilia. Lakini kabla ya kuchukua sampuli tunamuuliza mlalamikaji swali moja: kwa ekari yako unatumia mabomba mangapi? Wengi hawana jibu. Wanajua vizibo viwili kwa bomba, basi.

Kosa hilo hatumpi mkulima peke yake. Aliyelionyesha bomba alisema plastiki ni ngumu, mikanda ni laini, mpira ni mrefu, halafu akapulizia hewani watu wakashangilia ukungu. Hakuna aliyeondoka na namba. Kwa hiyo makala haya yanawahusu maafisa ugani, wauza pembejeo na vikundi vinavyozunguka minadani Misungwi, Magu, Sengerema na kwingineko. Tunaomba mwandike skripti ya onyesho lenu, na iwe na lengo moja: kila atakayenunua aondoke na namba yake imeandikwa kwenye tangi.

Tunasema kwenye tangi kwa sababu kijitabu kinachokuja na bomba hakisomwi. Mkulima wa nyanya anayemwagilia alfajiri na kwenda sokoni saa mbili hana nafasi ya kusoma kurasa nane, na nyingi ya hizo kurasa hazipo hata kwa Kiswahili. Namba mbili zilizoandikwa kwa kalamu ya wino usiofutika ubavuni mwa tangi atazisoma kila anapolijaza, apende asipende.

Skripti yenyewe ipange kwa safu tatu: mkono unafanya nini, mdomo unasema nini, mkulima anafanya nini. Safu ya tatu ikibaki tupu kwa zaidi ya dakika mbili, hapo umeanza kuhutubia. Sentensi za safu ya pili ziwe fupi kiasi cha kusemwa kwa pumzi moja, kisha zisome kwa sauti mbele ya mtu asiyelijua bomba. Penye wasikilizaji wengi wa Kisukuma, andika Kiswahili na umwachie msemaji aseme kwa lugha yake; kinachotakiwa kubaki vilevile ni mpangilio na namba. Dakika kumi na tano zinatosha.

Vifaa ni vichache: bomba jipya la lita 16 ambalo halijawahi kutiwa dawa, ndoo mbili za maji safi, jagi lenye alama za mililita, kamba ya mita 40 yenye fundo kila mita 10, mambo nne, kipande cha boksi kavu na kalamu. Dawa haimo kwenye orodha. Onyesho ni la maji matupu, na hapa hatujadiliani. Hata chupa tupu ya dawa iliyooshwa usiilete, kwa sababu mnadani pana watoto.

Anza na uvujaji, maana ndio unaomwingia mtu mgongoni. Kabla watu hawajakusanyika, legeza kidogo nati inayoshika mpira chini ya tangi. Jaza maji, pampu, kisha mvalishe mmoja wao bomba huku kipande cha boksi kikiwa kati ya tangi na mgongo wake. Sema: "Mama, tembea hadi pale na urudi." Akirudi, toa boksi liinue juu. Doa jeusi la maji litaonekana hadi safu ya nyuma. Sema: "Haya ni maji. Shambani ingekuwa dawa, na ingekuwa kwenye ngozi." Kisha mwite mwingine atafute panapovuja na akaze kwa mkono. Asikaze kwa spana, nyuzi za plastiki hukatika na nati haikazi tena. Ikiwa pampu inapanda bila kupata nguvu, washa yake imekauka au imechakaa, nayo hubadilishwa. Waonyeshe ilipo, usitoe somo refu.

Sasa kiini cha onyesho. Pigilia mambo na uzungushe kamba upate mraba wa mita 10 kwa 10. Weka bomba mahali palipo sawa, lijaze hadi alama fulani na uichore. Mwombe mkulima apulizie mraba wote kwa mwendo wake wa kawaida, akipampu mfululizo bila kusitasita. Usimwambie apunguze au aongeze mwendo. Akimaliza, rudisha bomba palepale lilipokuwa na ulijaze kwa jagi hadi alama ileile, wote wakihesabu kwa sauti. Maji uliyoongeza ndiyo aliyotumia.

Tuseme ametumia lita 5. Ekari moja ina miraba kama hiyo takriban 40. Hivyo 5 mara 40 ni lita 200 kwa ekari, na lita 200 ukigawa kwa 16 ni mabomba 12 na nusu. Ikiwa lebo inasema mililita 500 kwa ekari, 500 ukigawa kwa 12 na nusu ni mililita 40 kwa bomba. Mwandikie: "mabomba 12½".

Usiishie hapo. Mwite wa pili, ikiwezekana kijana mwenye haraka. Bomba lilelile, nozeli ileile, mraba uleule. Yeye atatumia, tuseme, lita 4. Mara 40 ni lita 160, yaani mabomba 10 kwa ekari, na kwa lebo ileile anahitaji mililita 50 kwa bomba. Waulize: "Huyu kijana akiazima kipimo cha mkulima wa kwanza, mililita 40, ekari yake itapata dawa kiasi gani?" Mililita 40 mara mabomba 10 ni 400. Amepunguza moja ya tano bila kujua, wadudu wanabaki, na kesho yuko mezani kwetu na chupa mkononi akisema dawa za siku hizi ni maji. Mzee anayetembea taratibu na kutumia lita 6 anafika mabomba 15. Naye akiazima mililita 40 atamwaga 600, amezidisha na amepoteza hela. Wape watu muda wa kubishana hapa. Sehemu hii ndiyo inayouza bomba kuliko maneno ya mikanda laini.

Namba ya mililita 500 ni ya mfano tu wa hesabu. Kiasi halisi kinatoka kwenye lebo ya dawa husika, na skripti iseme hivyo waziwazi. Kama lebo imetoa kipimo kwa hekta, gawanya kwa 2.5 kwanza. Na kizibo cha soda si kipimo, hata kama babu alikitumia: vizibo havilingani, na kila mtu hujaza kwa jicho lake.

Onyesho hili lina mipaka, nayo isemwe. Namba iliyopatikana mnadani kwenye ardhi tupu inaonyesha tu kwamba watu hawatembei sawa. Nyanya zikishakuwa ndefu na majani mengi hunywa maji zaidi ya miche, kwa hiyo mkulima arudie kipimo ndani ya shamba lake, kwa maji matupu, mmea unapokua na kila anapobadilisha nozeli. Ndiyo maana namba ya kwanza inaandikwa na nafasi inaachwa chini yake kwa namba ya pili.

Kuhusu nozeli, dakika mbili zinatosha. Ya kutoa koni tupu ni ya wadudu na magonjwa kwenye majani. Ya kutoa feni bapa ni ya magugu. Iliyochakaa huonekana kwa kupima: achia maji ndani ya jagi kwa dakika moja, fanya hivyo pia kwa nozeli mpya ya aina ileile, na ya zamani ikizidi kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, itupwe. Ikiziba, ioshwe kwa maji na mswaki uliotengwa kwa kazi hiyo. Sindano na waya hupanua tundu. Kupuliza kwa mdomo hatutaki kukuona ukifanya hata kwa bomba jipya la maonyesho, kwa sababu watu huiga mkono wako kuliko maneno yako. Na maji ya ziwani yana majani na tope, hivyo onyesha kuyachuja na usitoe kile kichujio cha mdomoni mwa tangi eti kinachelewesha.

Panga onyesho asubuhi. Mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu na ukungu utakwenda unakotaka wenyewe, jambo ambalo pia ni sababu ya kutopulizia dawa saa hizo.

Upande wa taratibu. Toa taarifa ofisi ya mtendaji wa kata kabla ya siku, ukitaja mahali, saa na kwamba utatumia maji matupu. Anayetaka kuuza viuatilifu sambamba na bomba lazima awe na kibali cha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, iliyoanzishwa chini ya Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020, na dawa yenyewe iwe imesajiliwa. Kibali cha kuuza mabomba, leseni ya biashara au barua ya kikundi havichukui nafasi yake. Kuchota dawa kutoka dumu kubwa na kuigawa kwenye chupa za maji ya kunywa "ili mkulima mdogo amudu" ni kosa, hata kama nia ni njema. Mkaguzi akikukuta ana mamlaka ya kuzuia bidhaa, na shauri likifika mahakamani adhabu ni faini, kifungo au vyote viwili. Mtu akisema kwamba hakujua, huo si utetezi.

Funga skripti kwa kuosha bomba, kwa sababu ndipo wengi wanapokimbilia ufukweni. Lijaze maji kiasi, tikisa, pulizia yote nje kupitia nozeli, rudia mara tatu. Shambani, maji hayo hupuliziwa kwenye zao lilelile lililopigwa dawa, si mtaroni wala ziwani wanapovua dagaa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Sisi tunawashauri mtumie umbali huohuo kama kipimo cha chini cha mahali pa kuchanganyia dawa na kuoshea bomba. Kamba yenu ya onyesho ina mita 40. Inyosheni mara moja na nusu kutoka majini, mpigilie mambo hapo, mkulima auone umbali huo kwa macho yake.